Mkubwa kusoma na mdogo: mzazi ana haki ya kuiona mizani

Mfanyabiashara wa Mutukula anayevusha mchele kwenda Uganda anapoambiwa na mwalimu kwamba binti yake wa darasa la 6 atakuwa akisoma na mtoto wa darasa la 2, mara 3 kwa wiki, swali linalomjia ni moja. Amempeleka mwanawe shuleni asome, au akawe yaya wa watoto wa wenzake?

Swali hilo si la ubishi. Ni la mtu anayenunua sare na daftari, anayetoa michango, na ambaye angeweza kumweka binti huyo kibandani akamsaidia kuhudumia wateja. Anastahili jibu. Tatizo ni kwamba mara nyingi jibu analopewa ni la jumla mno: kwamba watoto kusaidiana ni jambo jema. Hilo halimtoshi mtu aliyezoea kuona mzigo ukipanda mizani kabla ya kulipa.

Zoezi lenyewe linajulikana sana katika vyuo vya ualimu. Walimu tarajali, yaani wale ambao bado wako mafunzoni, wanapopelekwa shuleni kwa mazoezi hutakiwa mara nyingi kufanya utafiti tendaji. Huu ni utafiti ambao mwalimu anaufanya ndani ya darasa lake mwenyewe: anaona tatizo, anapanga hatua, anaichukua, anatazama kilichotokea, kisha anarekebisha na kuanza tena. Kuwaweka wanafunzi wakubwa wasome na wadogo ni mada inayopendwa kwa sababu haihitaji fedha. Hoja ya makala haya ni kwamba mada hiyo inazifaa sana shule za mipakani, lakini ina thamani pale tu mwalimu anapopima kwa haki, tena anapowapima watoto wote wawili, mdogo na mkubwa.

Kwanza, kwa nini mipakani? Mtoto wa mfanyabiashara huhama na biashara. Anaweza kuanza shule upande wa Uganda, ambako madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya eneo na Kiingereza kikashika kuanzia darasa la 4. Mama akihamishia duka upande wa Tanzania, mtoto huyo anaingia shule ya serikali ambako kwa kawaida masomo hufundishwa kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza. Upande wa Kenya, Rwanda na Burundi nako utaratibu wa lugha ni tofauti. Mtoto si mjinga. Amejifunza kusoma, ila amejifunza kwa lugha nyingine.

Chukulia mtoto wa miaka 8 aliyeanza kusoma kwa Kiganda. Amezoea kuona neno la chai likiandikwa "caayi", kwa hiyo herufi "ch" inamsimamisha. Sauti ambayo Kiswahili huiandika kwa "ng'", Kiganda huwa na herufi yake moja, hivyo "ng'ombe" na "ngoma" zinamchanganya. Isitoshe, katika Kiganda "l" na "r" ni kama sauti moja inayobadilika kufuata vokali iliyotangulia. Baada ya "a" huwa "l", baada ya "e" au "i" huwa "r". Mtoto wa namna hiyo anaweza kusoma "kura" akatamka "kula". Darasa lenye watoto wengi halina nafasi ya mwalimu kukaa na mtoto huyu dakika 20 akimsikiliza peke yake. Hapo ndipo mwanafunzi mkubwa anapohitajika.

Sasa mfuate mwalimu tarajali aliyepangiwa shule ya namna hiyo kwa wiki 8. Mfano huu umetungwa ili kuonyesha kazi inavyokwenda, lakini kila hatua yake ni ile inayotakiwa kufanyika kweli.

Wiki ya kwanza hafundishi mtu kusoma. Anapima. Kwa watoto wa darasa la 2 anaweza kutumia ngazi ambazo wazazi wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliziona pale watu wa Uwezo walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba: mtoto anaonyeshwa herufi au silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la 2. Ngazi ya juu kabisa anayoifikia bila kukwama ndiyo kiwango chake. Baada ya hapo anampa kila mtoto kifungu asichowahi kukiona na kumsikiliza kwa dakika 1, akihesabu maneno aliyoyasoma sawasawa.

Kipimo hicho cha dakika 1 kina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kutumia kifungu kilekile mwanzoni na mwishoni, kwani mtoto atakuwa amekikariri. Mwalimu makini huandaa vifungu viwili vya ugumu uleule. Nusu ya watoto wanaanza na cha kwanza, nusu wanaanza na cha pili, na mwishoni wanabadilishana. Mtego wa pili ni kulinganisha idadi ya maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Neno moja kama "walipotuona" hubeba kile ambacho Kiingereza hukisema kwa maneno manne. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wa jirani upande wa pili anasoma maneno mengi zaidi kwa dakika asikimbilie kuhamisha mtoto.

Baada ya kupima, mwalimu anachagua. Hapa ndipo jibu la swali la yule mama linapoanzia. Wengi hudhani kwamba mkubwa anayefaa ni yule mwenye akili kuliko wote darasani. Lakini katika darasa la 6 la karibu shule yoyote wapo watoto wanaosoma kwa kusuasua, kama mtoto wa darasa la 3 au la 4. Mtoto kama huyo hawezi kukaa darasani akifungua kitabu chepesi cha hadithi, kwa kuwa wenzake watamcheka. Akipewa kazi ya kumsomesha mdogo, kitabu chepesi kinageuka kuwa zana ya kazi yake. Anakisoma jioni ili asikwame kesho mbele ya mwanafunzi wake. Anakirudia mara 3 au 4 bila aibu. Mazoezi aliyoyakosa kwa miaka mitatu anayapata kwa heshima.

Kwa hiyo mwalimu wetu anachukua wakubwa 12 wanaosoma taratibu na wadogo 12 walio katika ngazi ya silabi au maneno. Anawapanga kila kundi kutoka anayesoma vizuri zaidi hadi anayesoma kwa shida zaidi, kisha anawaunganisha kwa kufuata mpangilio huo: wa kwanza na wa kwanza, wa mwisho na wa mwisho. Hivyo tofauti kati ya mkubwa na mdogo inabaki karibu sawa katika kila jozi, kama ya miaka miwili ya kusoma. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, mkubwa hana la kumsaidia mwenzake. Ikiwa kubwa mno, mkubwa anachoka kwa kitabu kisichomfaa kabisa.

Wakubwa hawaachwi wafundishe wanavyojua. Wakiachwa, watafanya walivyofanyiwa: watauliza, watakemea, na watajibu wenyewe. Mwalimu anawafundisha kwa siku 2 njia iliyoanzishwa Uingereza miaka ya 1970 na Roger Morgan na kuendelezwa baadaye na Keith Topping, njia ya kusoma kwa jozi. Utaratibu wake ni mfupi na mtoto wa miaka 12 anaushika.

Mdogo anachagua kitabu. Wawili hao wanaanza kusoma pamoja kwa sauti, mkubwa akifuata mwendo wa mdogo. Mdogo akijisikia anaweza peke yake, anagonga meza mara 1, na mkubwa ananyamaza. Mdogo akikosea au akikwama, mkubwa hamrukii. Anahesabu kimoyomoyo hadi 5. Mtoto akijirekebisha, wanaendelea. Asipoweza, mkubwa analitaja neno, mdogo analirudia, kisha wanarudi kusoma pamoja mpaka mdogo atakapogonga tena. Mwishoni wanafunga kitabu na mkubwa anauliza hadithi imesema nini. Dakika 20 zinatosha.

Zile sekunde 5 ndizo ngumu kuliko yote. Mkubwa akiwahi kusema neno, mdogo anajifunza kusubiri kuambiwa. Akichelewa sana, mdogo anasahau sentensi ilikuwa inahusu nini. Katika shule ya mpakani lipo na jambo jingine la kuwaeleza wakubwa: lafudhi si kosa. Mdogo akitamka "kula" mahali palipoandikwa "kura", aulizwe kwanza neno hilo lina maana gani. Akisema ni ile inayopigwa siku ya uchaguzi, amesoma. Akisema ni kula chakula, hapo ndipo pa kusahihisha.

Mwalimu anapanga vipindi 3 kwa wiki kwa wiki 6. Hesabu yake ni vipindi 18, jumla ya saa 6. Hiyo ndiyo bei ambayo yule mama anaombwa kuilipa kwa muda wa binti yake, na ni vizuri aambiwe hivyo waziwazi. Jozi zote zinakaa barazani au chini ya mti, mahali ambapo mwalimu anaziona zote kwa pamoja, wala si katika vyumba vilivyofungwa. Mkubwa anaweza kumwonea mdogo, na hilo halizuiwi kwa maneno matamu bali kwa macho ya mtu mzima.

Wiki ya tatu mambo huanza kuharibika, na hapa ndipo utafiti tendaji unapoonyesha maana yake. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio anagundua kwamba jozi kadhaa hukosa kipindi kimoja kila wiki, siku ileile. Ni siku ya gulio, na watoto wako sokoni na wazazi. Kukosa kipindi 1 kati ya 3 kila wiki ni kupoteza vipindi 6 kati ya 18, theluthi nzima ya kazi. Mwalimu asiyeandika mahudhurio atahitimisha mwishoni kwamba njia haifai. Anayeandika atahamishia kipindi hicho siku nyingine na kuendelea.

Kasoro ya pili haionekani kwenye daftari. Jozi inasoma vizuri, kwa sauti nzuri, kurasa zinageuka. Mwalimu akisogea karibu anagundua kwamba mdogo anatazama picha na kurudia alichokikariri. Namna ya kujua ni rahisi: aandike maneno 5 ya kitabu hicho kwenye vipande vya karatasi, avichanganye, na amwombe mtoto avisome nje ya hadithi. Akishindwa vitatu au zaidi, hakuwa akisoma. Dawa ni kubadilisha kitabu, na kumkumbusha mkubwa aweke kidole chini ya neno linalosomwa. Kama shule haina vitabu vya kutosha, hadithi za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika zinapatikana bure kupitia African Storybook na mwalimu anaruhusiwa kuzichapisha.

Wiki ya nane mwalimu anapima tena. Na hapa wengi huteleza. Chukulia kwamba wadogo 12 walianza kwa wastani wa maneno 14 kwa dakika na sasa wanasoma 31. Mwalimu tarajali anaandika kwenye ripoti kwamba njia imeongeza maneno 17, mkufunzi anaweka alama nzuri, na kila mtu anafurahi.

Mfanyabiashara hawezi kukubali hesabu hiyo. Mtu aliyenunua mchele kwa milioni 2 na kuuza kwa milioni 3 hasemi faida ni milioni 1 kabla hajatoa usafiri, ushuru na alichopoteza kwenye kubadilisha fedha. Watoto nao hukua. Kwa wiki hizo zote mwalimu wao wa darasa alikuwa akifundisha. Kwa hiyo lazima pawepo watoto wengine 12 wa kiwango kilekile ambao hawakuwekwa kwenye jozi, wapimwe siku zilezile. Chukulia hao walitoka 15 wakafika 25. Wameongeza 10 bila jozi. Faida halisi ya kusoma kwa jozi basi si maneno 17, ni 7. Bado ni faida, ila ni ya kweli. Na ili haki itendeke, hao 12 waliosubiri waingie kwenye jozi muhula unaofuata.

Hesabu ya mwisho ndiyo ripoti nyingi huiacha kabisa, nayo ndiyo yule mama anayoitaka. Mkubwa je? Binti yake alisoma maneno mangapi wiki ya kwanza, na mangapi wiki ya nane, akilinganishwa na wenzake wa darasa la 6 waliosoma kwa kusuasua kama yeye ila hawakuwa na mdogo wa kumsomesha? Kama wakubwa waliofundisha hawakuwazidi wenzao kwa chochote, mzazi ana haki ya kusema hapana awamu ijayo. Kama wamewazidi, haombwi tena kutoa muda wa mwanawe kwa hisani. Anaonyeshwa kile mwanawe alichopata.

Kuna ushahidi wa nje unaofaa kuwekwa mezani, pande zote mbili. Katika eneo la Fife, Uskoti, watafiti walijaribu wanafunzi kufundishana katika shule za msingi 129 kwa miaka 2. Mkubwa alipomfundisha mdogo, palionekana maendeleo ya kiasi. Watoto wa darasa moja walipofundishana, faida haikuonekana. Lakini jaribio jingine la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015, ambalo wanafunzi wa sekondari walisoma kwa jozi na wadogo zao wa miaka miwili nyuma, halikuonyesha faida katika kusoma. Njia ileile, mahali tofauti, matokeo tofauti. Ndiyo maana haitoshi kwa mwalimu wa Mutukula, Sirari au Rusumo kusema kwamba wazungu wameshathibitisha. Anatakiwa kupima kwake.

Tena kusoma kwa jozi hakuchukui nafasi ya mwalimu. Mtoto asiyejua herufi hata chache hafai kuwekwa kwenye jozi. Anahitaji mtu mzima aliyesomea kazi hiyo. Mwalimu anayewapa wakubwa kundi hilo ili yeye apumzike ofisini hafanyi utafiti, anakwepa kazi, na mzazi akilalamika analalamika kwa haki.

Lililobaki ni kwa vyuo na shule. Ripoti ya mwalimu tarajali huishia kabatini chuoni, naye huondoka na orodha ya jozi na daftari la mahudhurio. Muhula unaofuata anakuja mwingine na kuanza upya, na watoto walewale wanapimwa tena kana kwamba hakuna aliyewahi kuwapima. Chuo kingeweza kudai mambo mawili kabla ya kutoa alama: kundi la kulinganisha, na nakala ya takwimu inayobaki kwa mwalimu mkuu. Hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mkufunzi anayeheshimu maneno 7 ya kweli kuliko 17 ya kujipendezesha.

Kwa mzazi aliye safarini wiki nzima kati ya forodha na soko, maswali matatu yanatosha anapopita shuleni. Vipindi vinafanyika siku gani, na vimekwepa siku ya gulio? Mwanangu alipimwa lini, na alipata ngapi? Na watoto ambao hawako kwenye jozi walipata ngapi siku hiyohiyo? Mwalimu mwenye majibu atafungua daftari palepale. Asiye na majibu atazungumzia umuhimu wa elimu, na mzazi atakuwa ameshajua mizani haikutumika.